Mwanga unajuaje njia ya haraka? Kutoka muda mfupi hadi sheria ya kupinda

*Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza, nasoma fizikia na hisabati. Tumefundishwa kwamba mwanga hufuata njia inayochukua muda mfupi kuliko zote, na kwamba sheria ya kupinda kwa mwanga inatokana na hapo. Nimejaribu mwenyewe: nimeandika muda kwa kutumia pembe mbili, nikatafuta derivativu kwa kila pembe, nikaweka sifuri. Nimepata pembe zote mbili ni sifuri, yaani mwanga haupindi kabisa! Nimekosea wapi? Na mwanga unajuaje njia ya haraka kabla haujaipita?*

Marahaba. Nianze na hesabu yako, maana kosa lililomo nimelikuta kwenye daftari nyingi, na ukilielewa utakuwa umeshaelewa nusu ya jambo lenyewe.

Nadhani uliandika hivi, ambapo a ni kimo cha sehemu ya juu, b ni kina cha sehemu ya chini, v1 na v2 ni kasi ya mwanga katika hewa na katika maji, na θ1 na θ2 ni pembe ambazo mwanga unafanya na mstari wa wima hewani na majini:

```
T = a/(v1 cos θ1) + b/(v2 cos θ2)
```

Hapo hakuna kosa. Kila kipande cha njia ni kiegama cha pembetatu, kwa hiyo urefu wake ni kimo kugawanya kwa kosaini ya pembe, na muda ni urefu huo kugawanya kwa kasi. Kosa limekuja ulipozichukua pembe mbili kana kwamba kila moja iko huru na mwenzake. Ukiziacha huru, hesabu inakujibu kwa uaminifu kabisa: njia ya haraka ya kushuka kutoka kimo a hadi kina b ni kwenda wima moja kwa moja. Ni kweli! Ila hukuuliza hivyo. Ulitaka njia ya kufika kwenye nukta fulani iliyoko pembeni, nayo hesabu yako haikuambiwa iko wapi. Umemwambia dereva akupeleke bondeni bila kumtajia kijiji, naye akashuka bondeni palipo karibu.

Sharti ulilolisahau ni hili: umbali wa mlalo kati ya nukta mbili, tuuite d, haubadiliki.

```
a tan θ1 + b tan θ2 = d
```

Pembe moja ikikua, nyingine lazima ipungue. Zimefungwa kamba moja. Kigeu kilicho huru ni kimoja tu, nacho ni mahali mwanga unapovuka uso wa maji. Ndiyo maana walimu wengi huacha pembe pembeni kwanza na kutumia umbali x. Tufanye hivyo, kisha nitarudi kwenye pembe zako, kwa sababu njia yako nayo inafika.

Tuchukue mahali halisi. Umesimama kwenye gati, jicho lako liko mita 3 juu ya maji. Chini ya maji, kina cha mita 4, imelala nanga, na kutoka wima wa jicho lako hadi wima wa nanga ni mita 7. Bahari imetulia kama kioo. Mwanga unatoka kwenye nanga kuja kwenye jicho, lakini muda wa kwenda na wa kurudi kwa njia ileile ni sawa, kwa hiyo naanzia kwenye jicho. Mwanga unavuka uso wa maji mahali palipo umbali x kutoka chini ya jicho. Kwa Pithagorasi:

```
T(x) = √(a² + x²)/v1 + √(b² + (d − x)²)/v2
```

Derivativu yake ni:

```
dT/dx = x/(v1 √(a² + x²)) − (d − x)/(v2 √(b² + (d − x)²))
```

Usikimbilie kutafuta x. Ukijaribu kuitoa x peke yake utaishia kwenye mlinganyo wa daraja la nne, na wengi hukwama hapo wakadhani wamepotea. Badala yake tazama kila kipande kina nini. Katika kipande cha kwanza, x ni upande wa mlalo wa pembetatu ya juu, na kipeuo cha pili kilicho chini yake ni kiegama cha pembetatu hiyohiyo. Upande wa mlalo kugawanya kwa kiegama ni saini ya pembe ambayo mwanga unafanya na mstari wa wima. Kipande cha pili ni vivyo hivyo kwa pembetatu ya majini. Kwa hiyo:

```
dT/dx = sin θ1/v1 − sin θ2/v2
```

Ukiiweka iwe sifuri:

```
sin θ1/v1 = sin θ2/v2
```

Hiyo ndiyo sheria ya kupinda. Kama umezoea kuiandika kwa kipimo cha mpindo, kumbuka n = c/v, uzidishe pande zote kwa c, utapata n1 sin θ1 = n2 sin θ2. Tahadhari moja hapa: pembe hupimwa kutoka mstari wa wima uliosimama juu ya uso wa maji, si kutoka kwenye uso wenyewe. Anayepima kutoka kwenye uso hupata kosaini mahali pa saini, na jibu lake litaonekana zuri tu mpaka aweke namba.

Sasa njia yako ya pembe. Badiliko dogo la muda ni:

```
dT = (sin θ1/v1)(a dθ1/cos²θ1) + (sin θ2/v2)(b dθ2/cos²θ2)
```

Na ukitafuta badiliko dogo la sharti lile la d, ambalo ni sifuri kwa sababu d haibadiliki, utapata:

```
a dθ1/cos²θ1 = − b dθ2/cos²θ2
```

Upande wa kushoto si kitu kingine ila dx, umbali ambao nukta ya kuvukia imesogea. Uweke kwenye mstari wa juu, na dT inakuwa (sin θ1/v1 − sin θ2/v2) dx. Tumefika palepale. Kwa hiyo pembe hazina ubaya wowote. Ulikosa mstari mmoja.

Turudi gatini tuweke namba. Mwanga katika hewa husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani sentimita 30 kwa kila nanosekunde. Maji yana kipimo cha mpindo cha karibu 4/3, kwa hiyo humo husafiri sentimita 22.5 kwa nanosekunde. Nimechagua vipimo vya gati kwa makusudi ili hesabu iwe safi (mwalimu anaruhusiwa kudanganya bahari kidogo). Huu hapa muda kwa mahali mbalimbali pa kuvukia:

```
x (mita)    T (nanosekunde)
0           45.83
3           39.28
3.9         38.893
4           38.889
4.1         38.893
5           39.31
7           43.16
```

Njia iliyonyooka kama rula ni ile ya x = 3. Ni fupi kuliko zote kwa mita, karibu 9.90, lakini si ya haraka. Njia ya x = 4 ina urefu wa mita 10 kamili, 5 hewani na 5 majini, nayo inafika mapema kidogo kwa sababu imepunguza safari ya majini ambako mwendo ni mzito. Angalia pembe zake: saini ya pembe ya juu ni 4/5, ya chini ni 3/5, na ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata 4/3. Sheria imetimia.

Lakini ninachotaka ukitazame kwa karibu zaidi ni nini kinatokea ukisogeza nukta ya kuvukia sentimita 10, kutoka mita 4 hadi 4.1. Njia ya hewani inaongezeka karibu sentimita 8, yaani 10 mara 4/5. Njia ya majini inapungua karibu sentimita 6, yaani 10 mara 3/5. Sentimita 8 za hewa zinagharimu 8/30 ya nanosekunde. Sentimita 6 za maji zinaokoa 6/22.5. Piga hesabu: zote mbili ni 0.267. Ulichopoteza juu umekipata chini, hakuna faida wala hasara. Hiyo ndiyo maana halisi ya dT/dx = 0, na ndiyo sheria yenyewe ya kupinda, imesemwa kwa lugha ya mfanyabiashara. Ungekuwa kwenye x = 3, kusogea kwenda mbele kungekulipa, na ungeendelea kusogea hadi faida iishe.

Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliifanya hesabu hii kwa namna inayofanana sana na hiyo. Ilikuwa kabla ya kalkulasi unayofundishwa leo. Alisogeza nukta ya kuvukia kwa kiasi kidogo, akalinganisha muda wa zamani na mpya, akalazimisha visitofautiane. Majibu aliyaandika katika barua ya tarehe 1 Januari 1662 kwa rafiki yake Cureau de la Chambre. Na kilichomshangaza mwenyewe ni kwamba alipata uwiano uleule wa saini ambao mwanafalsafa René Descartes alikuwa ameuchapisha mwaka 1637, ingawa wawili hao walianzia mahali panapopingana. Descartes alidai mwanga huenda upesi zaidi katika maji kuliko katika hewa. Fermat alianza na kinyume chake.

Hapa pana jambo la kukumbuka unaposoma. Ukipima pembe tu, huwezi kuwaamua. Wote wawili wanasema saini ya juu kugawanya kwa saini ya chini ni namba isiyobadilika, na kwa maji namba hiyo ni 4/3. Tofauti iko kwenye maana ya namba: kwa Fermat ni v1/v2, kwa Descartes ni v2/v1. Kuwaamua kulihitaji kupima kasi ya mwanga ndani ya maji, na kazi hiyo ilisubiri hadi 1850, mwanafizikia Léon Foucault alipotumia kioo kinachozunguka kwa kasi kuonyesha kwamba mwanga huenda polepole zaidi majini. Kwa hiyo kama kwenye mtihani umeandika uwiano wa kasi juu chini, upo pamoja na Descartes, na kipimo kimeshakukataa. Njia ya kujikagua ni rahisi: penye mwendo mdogo, mwanga hukaribia mstari wa wima. Pembe ya majini lazima iwe ndogo kuliko ya hewani.

Sasa swali lako la pili. Unajua si wewe wa kwanza kuliuliza. Mwaka huohuo wa 1662, mwezi Mei, Claude Clerselier, mfuasi wa Descartes, alimwandikia Fermat akimpinga kwa hoja hiyohiyo: kanuni ya muda mfupi ni ya kimaadili, si ya kifizikia, kwa sababu maumbile hayana akili wala hiari ya kuchagua. Hoja yake ilikuwa nzito na Fermat hakuwa na jibu la kifizikia la kumpa. Jibu linatoka kwenye mawimbi.

Mwanga ni wimbi, na wimbi halichagui njia. Linatoka kwenye nanga likiwa limetapakaa, linafika kwenye uso wa maji kila mahali, na kutoka kila mahali pa uso huo kitu fulani kinaelekea jichoni. Jichoni vipande hivyo vyote vinajumlishwa. Vikifika vikiwa na hatua moja, kilele juu ya kilele, vinaongezana. Vikifika vimepishana nusu wimbi, kilele juu ya bonde, vinafutana. Kwa hiyo swali halisi si njia ipi ni ya haraka, ila ni majirani gani wanafika pamoja.

Chukua mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa karibu maikromita 0.5 hewani. Nusu yake ni maikromita 0.25. Simama kwenye x = 5, mahali ambapo si njia ya haraka. Pale, ukisogea mlalo, njia inabadilika kwa kiasi cha 0.26 ya ulichosogea (nahesabu kila mita ya maji kama mita 4/3 za hewa, ili kulinganisha muda). Maana yake, ukisogea maikromita 1 tu, jirani yako ameshapishana nawe nusu wimbi. Kila kipande cha uso kina jirani wa kukifuta, umbali usiozidi unene wa vumbi. Eneo lote lile linajifuta lenyewe, na jichoni halileti kitu.

Sasa nenda x = 4. Pale mteremko ni sifuri. Tumeona kwamba kusogea hakuongezi wala hakupunguzi. Kinachobaki ni mpindo wa grafu, ule unaotoka kwenye derivativu ya pili:

```
a²/r1³ + (4/3) b²/r2³ = 9/125 + (4/3)(16/125) ≈ 0.243 kwa mita
```

Herufi r1 na r2 ni vile vipande viwili vya mita 5. Ili upishane nusu wimbi sasa lazima usogee umbali s ambao nusu ya 0.243 mara s² inafika maikromita 0.25. Piga hesabu utapata karibu milimita 1.4. Linganisha: kule maikromita 1, hapa milimita 1.4 kila upande, zaidi ya mara elfu moja. Ukanda huu mwembamba ndio pekee ambamo majirani wote wanafika wameshikana mikono, nao ndio unaoleta mwanga tunaouona. Mwanga haukujua chochote. Ulipita kote, na kwingine kote ukajifuta.

Kwa hiyo pia ile "njia" si uzi usio na unene. Kwenye uso wa maji wa mfano wetu ina upana wa karibu milimita 3 kando ya mlalo huo. Ukiweka ubao juu ya maji na kuacha tundu la milimita 30 pale x = 4, jicho halitaona tofauti ya maana. Ukibana tundu hadi sehemu ndogo ya milimita, mwanga utaanza kutawanyika na maneno ya njia moja hayatakufaa tena. Na kinyume chake kinavutia zaidi: ziba uso wote, ukiwemo ukanda wa x = 4, uache mwanya wa nusu ya maikromita pale x = 5. Sasa jirani wa kumfuta hayupo. Mwanga kidogo, hafifu sana, utapita hapo na kufika jichoni, kwa njia ambayo sheria ya kupinda inaikataa. Njia zisizo za haraka hazikuwa tupu, zilikuwa zimefutwa.

Ukiwa gatini, kuna jambo moja unaloweza kuliona bila hesabu. Jicho hudhani mwanga umekuja moja kwa moja. Ukiurefusha mstari wa jicho kupitia x = 4 hadi kufika wima wa nanga, utakuta unapita mita 2.25 tu chini ya maji, wakati nanga iko mita 4. Fimbo iliyonyooka ukiielekeza unakoona ingepita juu ya nanga kwa mita 1.75. Wanaochoma samaki kwa mkuki wanalijua hili mikononi, hulenga chini ya samaki wanayemwona.

Limebaki neno "fupi" lenyewe, ambalo mimi ningependa mwalimu wako alitumie kwa uangalifu. Maelezo ya mawimbi hayakudai popote kwamba muda uwe mdogo kuliko wote. Yalidai tu kwamba muda usibadilike ukisogea kidogo. Kwenye uso bapa wa maji mambo mawili haya yanakwenda pamoja, maana derivativu ya pili uliyoiona hapo juu ina vipande viwili vyote chanya, haiwezi kuwa hasi kwa x yoyote. Ila chukua kioo cha mviringo kinachoakisi ndani, nusu kipenyo mita 1, uweke taa na jicho kwenye kipenyo kimoja, kila kimoja sentimita 60 kutoka katikati, pande tofauti. Mwanga unaogonga kioo kwenye ncha ya kipenyo hicho hutembea mita 0.4 na 1.6, jumla mita 2. Unaogonga juu kabisa, katikati ya hao wawili, hutembea mara mbili ya kipeuo cha 1.36, yaani karibu mita 2.33, na hakuna nukta ya kioo inayotoa zaidi ya hapo. Hiyo ni njia ndefu kuliko zote za kugonga kioo mara moja, na bado mwanga unaakisiwa pale na kufika jichoni bila tatizo, pembe ya kuingia ikiwa sawa na ya kutoka. Ukipewa swali la namna hiyo na derivativu ya pili ikatoka hasi, usifute kazi yako.